Vijiko Vinne vya Nazi ya Mama

Mama alizaliwa Kipini, mahali ambapo msichana hukaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi kabla miguu yake haijafika chini vizuri. Baba alimwoa akamleta Garsen, huku ambako minazi huisha na mbuga za ng'ombe huanza. Baba alipofariki, ndugu zake Mama walikuja kumchukua. Aliwapikia, akawalisha, akawasindikiza mpaka kwenye mtumbwi, akarudi nyumbani peke yake. Mwezi haukuisha akawa amesimamisha banda la makuti karibu na kivuko, anauza wali wa nazi na kambare wa mto kwa madereva wa malori waliokuwa wakingoja kuvushwa.

Nilipoachika nikarudi kwake na mtoto mgongoni, aliniangalia tu akasema, "Mtie mtoto kivulini. Kuna nazi za kukuna." Hakuniuliza kosa lilikuwa la nani. Nilikuna nazi hizo huku nikilia, naye akajifanya hasikii, na kufikia alasiri nilikuwa nimekuwa mtu wa banda.

Nazi zetu zililetwa na mitumbwi kutoka Kipini. Mama alizichagua kwa kuzitikisa sikioni, na ile isiyotoa sauti ya maji aliirudisha bila maneno. Tulikamua tui mara tatu. La kwanza, zito, tuliliita kasimele, na hilo liliwekwa kando limwagwe juu ya wali mwishoni. La pili na la tatu ndiyo tuliyochemshia mchele. Waorma walioshusha ng'ombe kuja mtoni walikuja kula nao, ingawa walisema chakula chetu kina harufu ya pwani, na wengine walikuja na samli yao kwenye kibuyu wakaimwagia juu. Mama aliwatazama wakifanya hivyo kama mtu anayetukanwa, lakini pesa yao aliipokea.

Maumivu yalimwanza mwaka mmoja wa mwishomwisho wa miaka ya hamsini. Yalikuja baada ya kula, upande wa kulia chini ya mbavu, yakapanda mgongoni mpaka kwenye bega. Alikuwa akikaa chini, akashika ukingo wa meza, akanyamaza. Mama akinyamaza ndipo ulipojua hali si nzuri. Alisema ni chango. Akanywa mwarobaini, akanywa maji ya tangawizi, akafunga tumbo kwa kanga. Mara ya tatu alipotapika mbele ya wateja, nilimpeleka zahanati kwa kumwambia kwamba mimi ndiye mgonjwa. Alipogundua tulipofika mlangoni, alinikata jicho ambalo ninalikumbuka mpaka leo, lakini akaingia.

Siku hiyo daktari wa Kizungu aliyekuwa akizunguka vituo alikuwapo. Nesi wetu, mwanamke kijana wa Lamu aliyesomea kazi yake Mombasa, ndiye aliyetafsiri. Daktari alimbonyeza Mama chini ya mbavu, akamwambia avute pumzi, na pumzi ikakatika katikati.

"Anasema una mawe kwenye kifuko cha nyongo," nesi alieleza. "Ukila mafuta, kifuko hicho hujikamua ili kitoe nyongo ya kuyayeyusha mafuta. Kikijikamua na mawe yamo ndani, ndiyo yale maumivu. Anataka uende Mombasa ukapasuliwe."

"Mwambie siendi."

"Mama, hajamaliza."

"Mimi nimemaliza. Mwambie."

Daktari alicheka kidogo. Nadhani alikuwa amezoea. Akasema basi, kama hapasuliwi, aache mafuta: asile samli, asile vya kukaanga, asile nyama ya mafuta, asile nazi.

Mama aliyakubali yote, moja moja, kwa kichwa. Lilipofika la nazi, akavaa viatu vyake.

"Mwambie nimekula nazi tangu sijaota meno. Nimezaa kwa nazi, nimezika kwa nazi. Akinitoa nazi, wali ninaokula ni nini? Ni mchele uliolowa. Nitakula nazi, na nikifa nitakufa mimi, si yeye."

Nesi aliyatafsiri yale maneno, nadhani kwa kuyapunguza makali. Daktari alifikiri. Kisha akasema jambo ambalo lilimshangaza hata nesi: vizuri, ale nazi, lakini kwa kipimo. Vijiko vinne vya mezani kwa mlo mmoja, nazi iliyokunwa, iliyonyunyizwa juu ya chakula, na mlo huo usiwe na mafuta mengine yoyote.

"Vijiko sita," Mama alisema.

"Vinne."

"Vitano."

"Mama!" nilimvuta kanga.

Tulirudi na vinne. Njia nzima Mama alitembea mbele yangu kama aliyeshinda kesi. Na kwa kweli, miezi iliyofuata alishinda. Aliwapikia wateja wali wake wa kila siku, mimi nikawa ndiye wa kuonja, na pembeni akajipikia kisufuria chake cha wali mweupe, akaunyunyizia vijiko vyake vinne. Alilalamika kila siku. Maumivu hayakurudi.

Kisha mvua za bara zikaujaza mto. Maji yalitoka kingoni, yakafunika barabara ya Malindi, yakafunika mashamba ya mpunga, na mitumbwi ya Kipini haikuthubutu kupanda. Nazi zikaisha Garsen. Malori yaliyokuwa upande wetu yalikwama, na madereva wake walikula kwetu wali wa maji huku wakinung'unika.

Ndipo kaka yangu alipotokea. Alikuwa karani wa malori ya tajiri mmoja wa Malindi, na tangu Baba afariki alijihesabu kuwa ndiye mwenye nyumba, hata kama nyumba hiyo aliiona mara chache. Alifika kwa ngalawa ya kukodi, suruali imekunjwa mpaka magotini, na mkononi ana furushi. Ndani mlikuwa na makopo mawili yenye picha ya nazi iliyopasuliwa. Aliyapata, alisema, kwenye duka moja la Mombasa linalowauzia mabaharia.

"Hili ni tui," alisema, akilishika moja. "Na hili ni krimu ya nazi. Hakuna kukuna, hakuna kukamua. Unafungua tu."

Mama alilipindua kopo la krimu huku na huku. "Na nani aliyeikuna?"

"Mashine, Mama."

"Mashine haijui nazi." Lakini alilifungua. Akachovya kidole, akalamba, na uso wake ukabadilika. "Hii ni kasimele," alisema polepole. "Tena kasimele kuliko kasimele."

"Ule basi. Si daktari alisema vijiko vinne? Kijiko ni kijiko."

Nilisema kwamba daktari alizungumzia nazi iliyokunwa. Kaka aliniambia nisimfundishe, nazi ni nazi, iwe kwenye kifuu au kwenye kopo. Mama alikuwa ameshachukua kijiko.

Nataka nimtendee Mama haki hapa, maana baadaye watu walimcheka kwamba hakujua. Alijua sana kwamba kile kitu ni kizito. Mtu aliyekamua nazi miaka yote ile hawezi asijue. Aliniambia mwenyewe: "Mzungu alinibana kwa vijiko, na mimi nikaona pale pana nafasi ya kupita. Nilijaza vinne kama alivyosema. Sikuvunja neno lake hata moja." Na alivijaza kweli, vya vilima, mpaka krimu ikawa inaning'inia pembeni ya kijiko.

Alikula kwa raha ambayo sikuiona usoni mwake tangu mvua zianze. Jua lilikuwa bado juu maumivu yalipomshika. Safari hii hayakuwa ya kushika meza. Alianguka kwenye jamvi, akajikunja, akatapika mpaka hakuna kilichobaki cha kutapika, na jasho lilimtoka kama mtu aliyetolewa mtoni. Nesi alikuja akipita kwenye maji ya kiunoni, mfuko wa dawa kichwani. Akamdunga sindano, akaketi naye mpaka pumzi yake ikatulia. Aliyaona yale makopo, akayachukua akasoma maandishi, akayarudisha mezani. Wakati huo Kaka ndiye aliyekuwa akisema.

"Kuanzia leo nazi haiingii nyumba hii," Kaka alisema. "Wala bandani. Banda lenyewe nalifunga. Nyie wanawake wawili mnakaa siku nzima ndani ya mvuke wa nazi, mnategemea nini? Maji yakipungua, Mama anakwenda Mombasa apasuliwe, na wewe," akanigeukia, "utakuja kukaa kwa mke wangu Malindi. Mimi ndiye baba yenu sasa."

Mama alikuwa amelala, macho yamefumba. Nilidhani amelala usingizi. Akasema bila kufumbua, "Baba yangu alikufa Kipini. Nilimuuguza mimi."

Kaka alitoka akaenda kuzifunga nguzo za banda kwa kamba, kama watu wanavyofunga zizi. Mbuzi yetu ya kukunia aliitia ndani ya gunia akaiweka juu ya dari.

Nilikasirika kuliko nilivyokasirika siku niliyopewa talaka. Ule wakati nilikuwa nimelia tu. Sasa nilijua jambo ambalo Kaka hakulijua: kwamba Mama alikula nazi iliyokunwa miezi yote ile, kila siku, kwa kipimo, na hakuumwa. Hicho si kitu cha kukisia, nilikiona kwa macho yangu. Sasa kama nazi ni nazi na kijiko ni kijiko, kwa nini vijiko vinne vya jana vimlaze na vijiko vinne vya mwezi uliopita visimlaze? Nilimuuliza Kaka swali hilo. Akasema ugonjwa umezidi. Nikamuuliza amejuaje. Akaniambia ninyamaze.

Mama alipopata nguvu za kusimama, aliniita ndani. "Kwenye pipa la mchele," alinong'ona, "chini kabisa, iko nazi moja." Alikuwa ameificha tangu mvua zianze. Nikaipandia mbuzi kule juu ya dari, nikaishusha, nikaibeba na nazi na makopo yote mawili na kijiko cha mezani. Mama akavaa buibui. Nilimwambia abaki. Akasema, "Tumbo ni la nani?" Tukatoka kwa mlango wa nyuma, na maji wakati huo yalikuwa yamepungua mpaka vifundoni.

Nesi alikuwa peke yake zahanati. Nilimwamkia, nikaweka kila kitu mezani kwake, nikasema, "Tunataka kujua kijiko kipi kilimwangusha Mama, na kwa nini. Usituambie nazi ni mbaya. Tueleze."

Alitutazama, akatazama vitu vyetu, akacheka. Kisha akasogeza mizani ndogo ya shaba waliyopimia dawa.

"Ikune," aliniambia.

Nilikaa juu ya mbuzi pale pale zahanati, nikaikuna nazi. Nesi alijaza kijiko, akakipitishia mgongo wa kisu juu ili kiwe sawasawa, akakimwaga kwenye mizani. "Mama, umeona? Nazi iliyokunwa, kijiko kimoja, haifiki hata gramu sita. Ni nyepesi, imejaa upepo." Akafungua kopo la tui, akalikoroga mpaka likawa sawa, akapima kijiko chake. Mizani ikashuka. "Tui, gramu kumi na tano hivi." Akapima krimu. "Hii nayo kama tui. Kimiminika hakina upepo, kinajaza kijiko chote."

"Nimeelewa," nilisema. "Krimu ni nzito kwa sababu imejaa."

"Nusu umeelewa. Sasa mafuta yenyewe. Kwenye nazi mbichi iliyokunwa, theluthi moja ya uzito ni mafuta. Theluthi ya gramu tano na kitu ni gramu mbili, pengine chini kidogo. Tui la kopo wamelichanganya na maji, mafuta yake ni kama moja ya tano. Moja ya tano ya kumi na tano ni tatu. Krimu ina theluthi na zaidi kama nazi yenyewe, lakini theluthi ya kumi na tano. Hiyo ni tano, tena zaidi."

Mama alikuwa akimsikiliza kwa umakini niliouzoea akiwa sokoni, akitafuta mahali pa kuingilia. "Ngoja, mwanangu. Tui limetoka kwenye nazi. Nazi ndiyo mama yake. Vipi mtoto awe na mafuta kuliko mama?"

"Kwa uzito hana. Ukipima ratili ya nazi na ratili ya tui la kopo, nazi ndiyo yenye mafuta mengi. Lakini wewe huli kwa ratili, unakula kwa kijiko. Na kwenye kijiko cha nazi kuna upepo na kuna nyuzi zile unazozitupa zikiwa chicha. Ukikamua, umezitupa nyuzi, umebaki na yaliyokuwa ndani. Daktari alisema iliyokunwa kwa sababu hiyo. Vinne vya iliyokunwa ni kama gramu saba za mafuta. Vinne vya krimu ni ishirini na zaidi. Na vyako," akamtazama Mama, "sidhani vilikuwa vya kisu."

"Vilikuwa vya Mzungu," Mama alisema. "Yeye hakusema kisu."

Nesi alicheka mpaka akashika meza. Kisha akakaza uso ghafla, kama wauguzi wanavyofanya. Akamwambia asitake kucheza na yale mawe, siku moja yatafunga njia na hapo hapatakuwa na mazungumzo. Akatuonya pia juu ya kopo la tui: likikaa limetulia, mafuta hupanda juu, na anayechota juu bila kukoroga anachota krimu huku akidhani anachota tui. Mama akaitikia. Hilo alilijua kwa sufuria zake mwenyewe.

Tukarudi kwa mlango wa mbele.

Kaka alikuwa amekaa barazani. Aliiona mbuzi mkononi mwangu akasimama. "Nilisema nini?"

"Ulisema kijiko ni kijiko," nilimjibu. "Si kweli. Kaa nikueleze."

Hakukaa. Nilimweleza amesimama, gramu kwa gramu. Alisema nesi ni msichana tu. Alisema kwamba atamwambia daktari. Mama alimpita akaenda bandani, akachukua kisu, akazikata kamba za nguzo moja baada ya nyingine. Kisha akawasha moto. Akapika wali mweupe, akaupakua, akachukua ile nazi niliyoikuna zahanati. Akajaza kijiko, akakipitishia kisu mbele ya macho ya mwanawe. Kimoja. Cha pili. Cha tatu. Cha nne.

"Mwanangu," alisema, "wewe nilikubeba, nikakunyonyesha, nikakulisha nazi hii hii. Ukitaka kunizuia, nizuie na kilichonidhuru. Lile kopo ulilileta wewe, kwa mapenzi, na mimi nikalila kwa ukaidi wangu. Tupa kopo. Lakini banda langu hulifungi, na binti yangu haendi Malindi kufua nguo za mkeo."

Akala. Kaka alikaa kwenye benchi la wateja alasiri nzima, akimwangalia kama mlinzi, akingoja ashike ubavu. Mama alipepeta mchele, akapokea salamu za wapita njia, akamsuka mwanangu nywele. Jua lilishuka. Hakuna kilichotokea. Kaka akaondoka kesho yake na ngalawa ya kwanza, bila kusema amekosea, na sikutegemea aseme. Kopo la tui nililitumia kuwapikia madereva. Lile la krimu Mama alilimwaga mtoni mwenyewe, na alilimwaga polepole, nadhani kwa huzuni.

Sitadanganya kwamba kijiko kilimponya. Mawe yalibaki pale pale. Idi moja alikula pilau ya samli kwa jirani, kwa kusudi, akijua, akalipa kwa siku mbili za kitanda. Baada ya hapo, siku aliyoitaka yeye, barabara ikiwa kavu na banda lina akiba, alinikabidhi ufunguo akapanda lori kwenda Mombasa kupasuliwa. Kaka alijitolea kumsindikiza. Mama alimruhusu kubeba mfuko.

Alirudi mwembamba, ana kovu refu la kumwonyesha kila mwanamke aliyetaka kuliona na wengine wasiotaka. Mimi nilikuwa nimeshazoea kusimama mbele ya sufuria bila yeye. Madereva walikuwa wameanza kuniita mwenye banda. Aliketi mahali pa wateja, akaomba sahani, akaonja wali wangu, akatafuna muda mrefu.

"Umekaza tui," alisema.

"Ndivyo ninavyopika mimi," nilimjibu.

Kisha akavuta sahani karibu, akaendelea kula.